Kanvasi ya biashara haina kalenda

Mtu anayetafuta mtaji Zanzibar siku hizi hupewa ushauri wa aina mbili unaopingana. Kwenye semina huambiwa kwamba michanganuo mirefu ya biashara imepitwa na wakati, ajaze kanvasi, ukurasa mmoja wenye visanduku vya kueleza biashara nzima, na mambo yamekwisha. Akifika kwa mkopeshaji huulizwa mchanganuo uko wapi, na ile kanvasi yake yenye vijikaratasi vya rangi hutazamwa kidogo kisha ikarudishwa mezani. Akitoka hapo huenda steshenari, kwa kijana mwenye kompyuta na printa, akaandikiwa kurasa thelathini. Nusu yake ni maelezo ya uchumi wa nchi na nusu iliyobaki imetoka kwenye mchanganuo wa mtu mwingine wa ufugaji kuku, neno kuku likafutwa.

Kubishana ipi bora kati ya hizi karatasi ni kupoteza muda kama hatujasema kila moja inajibu swali gani. Nitaeleza kwa biashara moja tu, ya kununua pweza kwa wavuvi wa kusini Unguja na kuwauzia hoteli. Nimeichagua kwa sababu ni biashara ambayo kwenye kanvasi inapendeza mno, na kwenye kalenda inaweza kumfilisi mtu huku anapata faida.

Tuchukue mama mmoja wa Jambiani. Ni wa kubuni, na bei nitakazotaja ni za mfano ili hesabu iwe nyepesi, lakini wanawake wa aina yake utawakuta pwani yote, kuanzia Kizimkazi mpaka Matemwe. Pweza wa miambani hufuata maji. Bamvua huja mara mbili kwa mwezi, mwezi unapoandama na unapopevuka, na kwa siku chache maji hutoka sana, watu wakaweza kuufikia mwamba kwa miguu. Pwani yetu maji ya bamvua hukauka zaidi mnamo saa nne asubuhi, kwa hiyo wavuvi hurudi na pweza mchana. Jikoni kwa hoteli hupokea mizigo asubuhi. Maana yake kila pweza lazima alale kwenye barafu angalau usiku mmoja kabla hajawa fedha. Halafu yanakuja maji mafu, wiki nzima karibu hakuna kitu.

Sasa tumjazie kanvasi.

Karatasi hii ilitokana na utafiti wa Mswisi Alexander Osterwalder, aliyeandika tasnifu yake ya udaktari Chuo Kikuu cha Lausanne mwaka 2004 chini ya Profesa Yves Pigneur. Swali lao lilikuwa namna ya kueleza kwa picha moja jinsi biashara inavyotengeneza fedha, watu kadhaa waweze kuizungumza wakiwa wanatazama kitu kimoja. Ndiyo maana ina visanduku tisa na si zaidi. Upande wa kulia ni mambo ya mteja: ni nani, unampa nini kinachomfaa, kinamfikiaje, na unaudumishaje uhusiano naye. Upande wa kushoto ni mambo ya ndani: una vitu gani, unafanya kazi gani, unashirikiana na nani. Chini kuna fedha, gharama kushoto na mapato kulia.

Kwa mama wa Jambiani, wateja ni hoteli ndogo na mikahawa ya Jambiani na Paje. Anachowapa si pweza tu, maana pweza wangeweza kumpata pale pwani mbele ya hoteli. Anawapa pweza aliyekwisha safishwa, kwa uzito wa mizani inayoaminika, anayefika jikoni kabla ya saa tatu asubuhi. Anawafikishia kwa bodaboda yenye deli la barafu. Uhusiano anaudumisha kwa WhatsApp, kila alasiri anawaandikia wapishi kilo alizonazo. Upande wa kushoto ana friza, mizani, madeli na fedha ya kununulia. Kazi zake ni kununua, kusafisha, kupima na kupeleka. Washirika wake ni wavuvi, muuza barafu na dereva wa bodaboda. Gharama ni pweza mwenyewe, barafu, umeme, usafiri na kibarua wa kusafisha. Mapato ni bei ya kilo.

Kuijaza kwa penseli ni kazi ya alasiri moja, na uzuri wake unaanza pale unapofuta. Futa "hoteli" na uandike "wauza pweza wa jioni Forodhani". Bei inashuka, kwa sababu hawa nao wanauza kwa vipande. Bodaboda haitoshi, kuna safari ya mjini. Kusafisha si lazima kama mwanzo, maana wengine wanapenda kujisafishia wenyewe. Ujumbe wa WhatsApp unageuka simu ya saa tano. Na malipo yanakuja papo hapo, mkononi. Umebadilisha kisanduku kimoja, vitano vimefuata, na umeyaona yote bila kutumia shilingi. Kwenye mchanganuo wa kurasa thelathini hakuna atakayefanya jaribio hili. Ameshaulipia kuandikwa, hataki kuugusa.

Kuna jambo ambalo semina nyingi hazilisemi, na mimi naliona ndilo lenye faida zaidi: kila kinachoandikwa kwenye kanvasi kitiwe alama, nimeliona au nadhani. Mama wa Jambiani akiandika kwamba hoteli zitanunua kwa shilingi 12,000 kilo, hilo ni nadhani mpaka apite hoteli nne au tano na kilo tatu za pweza kwenye deli, wapishi wapime, mtu wa manunuzi aseme bei. Mara nyingi ndani ya bamvua moja nusu ya kanvasi hubadilika. Huenda akagundua kwamba hoteli moja haitaki pweza mkubwa, nyingine ina mtu wake wa siku nyingi, ya tatu haimlipi mtu asiyetoa risiti ya kielektroniki ya Mamlaka ya Mapato Zanzibar, ZRA, na hapo ndipo anapotambua kwamba usajili wa biashara ni jambo la mwezi huu, si la mwaka ujao.

Kwa hiyo katika hatua hii ukurasa mmoja unatosha, na si kwa sababu ya uvivu. Mchanganuo mzima unahitaji namba, na mtu huyu bado hana namba. Akiandikiwa mchanganuo leo, kila jedwali litakuwa makisio juu ya makisio, yamepangwa kwa nukta za desimali ili yafanane na ukweli.

Lakini kanvasi ina upofu wake. Kwanza, haina kisanduku cha mshindani. Ungeweza kuijaza vizuri kabisa bila kutaja kwamba pale pwani kuna mawakala wanaonunulia viwanda vya kusafirisha nje, na kwamba wavuvi wengine wana madeni kwao, pweza wao ameshauzwa kabla hajatoka majini. Hilo ni rahisi kuliongeza pembeni kwa mkono.

Pili, haioneshi kiasi. Imeandikwa "kusafisha" kama kazi, haikuambii kusafisha kunagharimu kilo ngapi. Tuseme kila bamvua ananunua kilo 150 kwa shilingi 8,000, sawa na 1,200,000. Barafu, umeme, usafiri na kibarua ni 200,000. Kwa haraka haraka atazidisha kilo 150 kwa 12,000, apate 1,800,000, na kujiona na faida ya 400,000. Ila pweza akitolewa matumbo na maji yakachuruzika hupungua si kidogo. Tukichukua upungufu wa asilimia kumi tu, anabaki na kilo 135 za kuuza, nazo ni shilingi 1,620,000. Faida imekuwa 220,000. Karibu nusu ya faida imebaki kwenye beseni la kusafishia, na hakuna aliyemwibia. Asiyepima mara mbili, akipokea na baada ya kusafisha, atamshuku kibarua wake kwa miezi.

Upofu wa tatu ndio mkubwa. Kanvasi ni picha ya biashara ikiwa imesimama. Inasema fedha inatoka kwa wavuvi na inaingia kutoka hoteli, haisemi siku gani. Kwa biashara hii siku ndizo kila kitu.

Mvuvi analipwa pale pale. Hana friza, nyumbani wanasubiri unga, na asipolipwa, kesho pweza wake anapelekwa kwa mwingine. Hoteli inalipa baada ya siku 30 tangu kupokea ankara, na hiyo ni hoteli yenye adabu. Katikati ya mvuvi na hoteli yupo huyu mama na mtaji wake. Bamvua huja takriban kila siku 15. Ananunua la kwanza, anapeleka, anaandika ankara. Ananunua la pili. Siku ya thelathini inapokaribia bamvua la tatu limeshafika, naye inabidi anunue tena, kwa sababu malipo ya lile la kwanza yataingia siku chache baada ya hapo. Kila bamvua linakula 1,400,000. Amekwisha kutoa 4,200,000 kabla ya kuona shilingi ya kwanza.

Akiwa na mtaji wa 2,000,000, baada ya bamvua la kwanza amebakiwa na 600,000. La pili hawezi kulinunua ila kwa sehemu. Wavuvi wanaona, wanahamia kwa mnunuzi mwingine, na wapishi waliozoea mzigo wake nao wanatafuta pengine. Biashara imekufa wakati kila kilo iliyouzwa ilikuwa na faida. Nimeona watu wakisema mtu wa namna hii hakuwa na nidhamu ya fedha, ametafuna mtaji. Hakutafuna kitu. Mtaji uko kwenye droo ya mhasibu wa hoteli.

Sehemu ya mchanganuo inayoliona jambo hili ni moja tu, mzunguko wa fedha. Si jedwali la faida na hasara, maana hilo lingesema mambo ni mazuri. Mzunguko wa fedha ni safu ya tarehe, fedha iliyotoka, iliyoingia na iliyobaki. Watu wengi huupanga kwa mwezi. Kwa pweza mwezi ni mrefu mno. Upangwe kwa bamvua. Tuseme mama ameongeza mkopo wa 2,500,000 juu ya mtaji wake, ana jumla ya 4,500,000, na hoteli zinalipa kwa wakati. Inakuwa hivi:

| Bamvua | Mwanzo | Imetoka | Chini kabisa | Imeingia | Mwisho |
|---|---|---|---|---|---|
| 1 | 4,500,000 | 1,400,000 | 3,100,000 | 0 | 3,100,000 |
| 2 | 3,100,000 | 1,400,000 | 1,700,000 | 0 | 1,700,000 |
| 3 | 1,700,000 | 1,400,000 | 300,000 | 1,620,000 | 1,920,000 |
| 4 | 1,920,000 | 1,400,000 | 520,000 | 1,620,000 | 2,140,000 |
| 5 | 2,140,000 | 1,400,000 | 740,000 | 1,620,000 | 2,360,000 |

Namba ya kutazama ni ile ya chini kabisa, 300,000 kwenye bamvua la tatu. Hiyo ndiyo inayosema kama mkopo unatosha, si jumla ya faida ya mwaka. Na inasema mengine mawili. Hoteli zikichelewa siku 15 tu, bamvua la nne halinunuliki. Na mkopeshaji akitaka rejesho la 250,000 mwisho wa mwezi wa kwanza, yaani kabla ya bamvua la tatu, ile 300,000 inageuka 50,000, haifiki hata zile 200,000 za barafu, umeme, usafiri na kibarua. Kwa hiyo anachotakiwa kukiomba si mkopo mkubwa zaidi. Aombe marejesho yaanze mwezi wa tatu tangu kuchukua mkopo. Ombi hilo, likiambatana na jedwali hili, mkopeshaji hulielewa. Bila jedwali linasikika kama mtu anayeanza kukwepa deni kabla hajalichukua.

Kalenda ikirefushwa mpaka mwaka mzima, linaibuka jambo jingine. Watalii wanajaa kuanzia Juni hadi Oktoba na tena Disemba hadi Februari. Masika, hasa Aprili na Mei, hoteli nyingi za nje ya mji hupunguza vyumba au hufunga kabisa kwa ukarabati. Mkopo uliochukuliwa Januari, wenye nafuu ya miezi miwili, unaanza kurejeshwa Machi na kuingia kwenye masika moja kwa moja, kabla akiba haijajengeka. Mkopo uleule ukichukuliwa Juni mwanzoni, marejesho kumi ya 250,000 yanaanza Agosti na kumalizika Mei. Masika inayakuta mawili ya mwisho tu. (Nimeacha faida ya mkopeshaji nje ili hesabu isizidi kuchafuka; kwenye karatasi halisi iingizwe.) Fedha ni ileile, mfanyabiashara ni yuleyule, na tofauti ni mwezi wa kupeleka maombi. Hakuna kisanduku kati ya vile tisa ambacho kingemwambia.

Sasa, mchanganuo mzima ni nini hasa, tukiondoa maji yaliyomo? Kwa biashara ya ukubwa huu ni kurasa saba au nane. Maelezo ya biashara na mwenyewe, ukurasa. Soko na washindani, ukurasa na nusu, kwa majina ya hoteli na kilo wanazochukua, si kwa sentensi za "utalii unakua kwa kasi". Uendeshaji: pweza anapita wapi tangu pwani mpaka jikoni, anapimwa mara ngapi, umeme ukikatika usiku kuna nini. Fedha: gharama za kuanzia, faida na hasara, mzunguko wa fedha wa mwaka, na jedwali jingine la hali ikiwa mbaya. Viambatisho: barua ya sheha, cheti cha usajili kutoka Wakala wa Usajili wa Biashara na Mali, BPRA, namba ya mlipa kodi, ankara za vifaa, nakala za ankara zilizolipwa na hoteli. Sehemu ya fedha ndiyo mchanganuo. Kurasa nyingine zipo ili namba zile ziaminike.

Na hapa Zanzibar kuna la kuzingatia zaidi, kwa kuwa wengi hatutaki mkopo wa riba. Ukiingia kwenye huduma za Kiislamu, aina ya mkataba ndiyo inayoamua karatasi. Kwa murabaha, benki inanunua kitu na kukuuzia kwa bei yenye faida inayojulikana, unalipa kidogo kidogo. Hapo kinachotakiwa kwanza ni ankara ya bei kutoka duka la friza, na uthibitisho kwamba una uwezo wa kulipa. Friza ni kitu, kina bei, kina risiti. Lakini shida ya mama wa Jambiani si friza, analo. Shida yake ni fedha ya kuwalipa wavuvi pwani, na hiyo haina ankara ya duka. Ikibidi kuingia kwenye ushirika wa faida, kama musharaka au mudharaba, mtoa mtaji anashiriki matokeo ya biashara yenyewe, kwa hiyo atataka kujua faida inahesabiwaje, nani anapima, daftari liko wapi. Huko ukurasa mmoja hauwezi kukufikisha hata uwe mzuri vipi. Kwa hiyo swali la kwanza kwa mkopeshaji yeyote, iwe benki, iwe dirisha la Wakala wa Uwezeshaji, ZEEA, iwe ushirika wa kuweka na kukopa, ni: fomu yenu ikoje, na mnakopesha kwa mkataba gani? Aulize kabla ya kumlipa mtu wa steshenari.

Simlaumu kijana wa steshenari, anauza anachoombwa. Tatizo linaonekana siku ya mahojiano. Ofisa mikopo anafunga faili na kuuliza kitu kidogo:

"Bi mkubwa, masika unanunua pweza kwa bei gani?"

Mwenye biashara anaitazama faili. Jibu limo mle, ukurasa wa kumi na saba, lakini si yeye aliyeliandika, na pengine si la kweli. Mtu aliyejaza kanvasi yake kwa mkono, akatia alama za nimeliona na nadhani, akachora na safu za mabamvua kwenye daftari la shule, atajibu bila kutazama popote. Huyu akipeleka karatasi zake kuchapwa, hilo ni jambo jingine, anachapiwa maneno yake.

Tukirudi kwenye swali la ukurasa mmoja: unatosha lini? Kwa maoni yangu inategemea zaidi njia ya fedha kuliko ukubwa wa biashara. Mwenye mabanda mawili ya mandazi, anayenunua unga asubuhi kwa fedha taslimu na kuuza kwa fedha taslimu kabla ya adhuhuri, hana kalenda ya kuficha kitu. Fedha imerudi siku ileile. Kanvasi inamtosha kwa miaka. Anaweza kuwa na mauzo makubwa kuliko mama wa pweza na bado asihitaji mchanganuo. Vivyo hivyo mtu anayejaribu kwa fedha yake mwenyewe, kwa kitu kinachoweza kurudi nyuma. Friza lililotumika huuzika, mzigo wa kilo ishirini haumfilisi mtu. Na vivyo hivyo kikundi cha watu watano wanaokutana kila Ijumaa na wote wanajua yaliyoandikwa.

Unaacha kutosha mara fedha inapotoka leo na kurudi baada ya wiki kadhaa, au inapokuwa ya mtu mwingine, au inapogeuka kitu kisichorudishika kama jengo, kisima, boti. Hata likiwepo moja tu kati ya hayo, safu ya tarehe na fedha lazima iandikwe, iwe kuna mkopeshaji au hakuna. Si lazima kurasa nane. Kwa anayetumia fedha zake mwenyewe, kanvasi na mzunguko wa fedha, karatasi mbili, hufanya kazi yote.

Upo na ukurasa mmoja wa aina nyingine ambao watu huuchanganya na kanvasi: muhtasari. Kanvasi unajiandikia wewe, imejaa maneno mawili mawili ambayo mgeni hayaelewi. Muhtasari unamwandikia mtu asiyekujua au asiye na muda, kwa sentensi kamili, na unaandikwa mwisho baada ya hesabu kukamilika. Ndugu aliye Maskati akisema "nitumie kitu nisome", usimtumie picha ya visanduku. Mtumie kitu kama hiki:

"Nanunua pweza kwa wavuvi wa Jambiani na kuziuzia hoteli tatu za Jambiani na Paje. Kwa miezi mitano nimenunua wastani wa kilo 60 kila bamvua kwa mtaji wangu wa shilingi 2,000,000, na daftari lipo. Hoteli zinataka kilo 135 zilizosafishwa. Siwezi kuzifikisha, kwa sababu nalipa wavuvi papo hapo na hoteli zinanilipa baada ya siku 30. Nahitaji 2,500,000, zote za kununulia pweza wa mabamvua matatu ya mwanzo. Friza na mizani ninavyo. Naomba kuanza kurejesha mwezi wa tatu tangu nipokee fedha, 250,000 kwa mwezi. Hatari kubwa ni hoteli kuchelewa kulipa. Ikipitisha siku 45, nasimamisha mzigo wake na kuuza mjini kwa fedha taslimu."

Hayafiki maneno mia moja, na namba zake zimetoka kwenye hesabu zile na kwenye daftari. Zile kilo 60 zina maana yake: ni takriban kiwango ambacho milioni mbili zinaweza kubeba mabamvua matatu bila malipo, kwa hiyo msomaji makini anaona kwamba huyu mtu ameshapajua mtaji wake unapoishia. Kwa ndugu, kwa mkopo mdogo wa kikundi, kwa hoteli mpya inayotaka kujua unaaminika au la, huu unatosha. Kwa benki ndio unaofungua mlango, halafu ofisa ataomba vilivyo nyuma yake.

Angalia pia ile sentensi ya kuuza mjini. Inasikika vizuri, lakini lazima ijaribiwe kwa hesabu. Mjini akiuza kilo 135 kwa 11,000 anapata 1,485,000. Ukitoa 1,400,000 kinabaki 85,000, na hapo safari ya mjini bado haijalipiwa. Akipata 10,000 kilo, 1,350,000, ameshapoteza kabla ya nauli. Kwa hiyo soko la mjini ni njia ya kuokoa mtaji kwa bamvua moja au mawili, haliwezi kuwa biashara yenyewe, labda abadilishe na bei ya kununulia. Kwenye kanvasi wateja hawa wawili wangeandikwa kisanduku kimoja, mmoja juu ya mwingine, kama ndugu.

Mchanganuo ukishapokelewa, kurasa nyingine zinaweza kukaa kabatini. Jedwali la mabamvua libaki nje, liongezwe safu moja ya kilichotokea kweli, ijazwe kila maji mafu, wakati hakuna pweza wa kununua na mtu ana nafasi. Safu ya kuangalia zaidi ni ya malipo yaliyoingia, tena kwa jina la kila hoteli, kwa sababu wastani huficha. Hoteli mbili zikilipa siku ya 28 na ya tatu siku ya 60, wastani unasema siku 39, na hakuna hata moja inayolipa siku ya 39.

Ikifika Machi kuna deni la pekee la kuangaliwa. Mzigo wa mwisho wa Machi unaiva kulipwa mwisho wa Aprili, na hoteli inayofunga masika mara nyingi humpa likizo na mhasibu wake. Fedha hiyo huonekana tena Juni. Kwa hiyo mapema Februari mama aende akaulize hoteli inafunga tarehe ngapi na nani atabaki na idhini ya malipo. Akijibiwa "tutaona", mzigo wote wa bamvua la mwisho la Machi autoe kwa fedha mkononi, au asiununue.